Hii Haikuwa Barua ya Kuomba Ruhusa

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, matundu mawili ya pini yakionekana pembeni, na juu yake, kama tulivyofundishwa sote shuleni, kichwa kimepigiwa mstari: YAH: KUOMBA RUHUSA YA MTOTO WANGU. Chini yake: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tano B. Naomba mtoto wangu abaki nyumbani kwa muda kwa sababu anamwogopa mwenzake wa darasani. Natumaini ombi langu litakubaliwa. Natanguliza shukrani." Jina, sahihi, namba ya simu.

Barua hiyo niliiona mahali ambapo haikutakiwa kufika. Mwalimu aliyeipokea aliipiga picha akaituma kwenye grupu la wazazi la Wasapu, jina la mzazi na namba ya simu vikisomeka, na chini yake akaandika maneno matatu: "Wazazi, tusiwadekeze watoto." Jioni ilipofika, grupu lilikuwa limegawanyika. Kuna waliosema mtoto arudishwe shule kesho yake asubuhi, kwa bakora ikibidi, na kuna waliosema mama amefanya vema, maana shule isiyoweza kumlinda mtoto haina haki ya kumdai. Aliyeandika ile barua ni binamu yangu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimelificha.

Makundi yote mawili, nionavyo, yaliisoma barua kwa kichwa chake. Yalibishana kama ruhusa itolewe au inyimwe. Lakini ndani ya zile sentensi chache mlikuwa na mambo mawili tofauti: mtoto hayupo darasani, na mtoto yuko hatarini. La kwanza ni ombi, la pili ni taarifa. Shule ilijibu ombi, wazazi wakabishania ombi, na taarifa haikuguswa na mtu. Hoja yangu ni kwamba barua ya namna hii ichukuliwe kama taarifa ya ulinzi wa mtoto, ipokelewe na kujibiwa hivyo, na kwamba kosa la kuigeuza kuwa karatasi ya ruhusa hufanywa na pande zote mbili, kwanza mzazi anayeiandika, kisha shule inayoipokea.

Kosa la mzazi lina sababu. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978, kifungu cha 35, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mpaka amalize. Mzazi asiyefanya hivyo anajua ataitwa, pengine na mtendaji wa mtaa, na walimu wengi humkumbusha ile hesabu ya siku 90 ambazo mwanafunzi akizikosa bila taarifa hufutwa shule. Kwa hiyo mzazi anayemzuia mtoto nyumbani huanza akiwa mkosaji, na mkosaji huandika kwa kuomba. Anachosahau ni kwamba ipo sheria ya pili. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 9, inampa mzazi huyohuyo wajibu wa kumkinga mtoto na ukatili na uonevu. Na kifungu cha 95 kinamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke habari hiyo kwa serikali ya mtaa, ambako afisa ustawi wa jamii anapaswa kuishughulikia. Kumbe mzazi aliyekaa na mtoto nyumbani kwa sababu ya hofu amebanwa na sheria mbili, moja ikimwambia mpeleke, nyingine ikimwambia mkinge. Njia ya kutoka katikati ya hizo mbili ni moja, nayo ni kuitaarifu shule kwa maandishi kilichopo, ili mzigo wa kukiondoa usibaki kwake peke yake. Barua ya kuomba ruhusa haifanyi kazi hiyo. Inasema mtoto hatakuja, haisemi nani afanye nini ili aje.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hii haipo kwenye sheria yoyote. Nilipomuuliza binamu yangu kwa nini hakuandika kilichotokea, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mama yake yule mtoto tunacheza mchezo mmoja. Mwezi ujao zamu ni yake." Anayejua upatu wa kina mama mtaani anaelewa uzito wa jibu hilo. Kumtaja mtoto wa mwenzako kwenye barua ya shule ni kumtaja mama yake, na kumtaja mama yake ni kuvunja kikundi cha watu kumi wenye hela zao ndani. Basi akaandika "anamwogopa mwenzake" akaishia hapo, na mwalimu aliyeisoma akaona udekezaji.

Kilichokuwa hakijaandikwa ndicho hiki. Tangu shule zilipofunguliwa Julai, mtoto mmoja wa darasa hilohilo na wenzake wawili walikuwa wakisimama wakati wa mapumziko kwenye njia ya vyoo vya wavulana. Anayepita anatoa shilingi 200. Asiye nazo anasukumwa ndani, mlango unashikiliwa kwa nje mpaka kengele. Mtoto wa binamu yangu, mwenye miaka 11, alishikiliwa hivyo mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa, "Ukisema, tutakutana darajani." Daraja hilo ni mbao mbili juu ya mfereji, na hakuna njia nyingine ya kwenda kwao.

Nyumbani dalili zilikuwepo, ila hakuna aliyeziunganisha. Kila siku ya shule saa 11 alfajiri tumbo lilimuuma. Alipelekwa zahanati, kipimo cha malaria kikatoka hakuna, mkojo safi, akapewa dawa ya minyoo. Kufika saa 4 asubuhi, muda ambao hawezi tena kuambiwa aende shule, tumbo lilikuwa limetulia na anaomba chai. Jumamosi alicheza mpira kutwa nzima. Jumapili usiku hakulala. Na jambo moja lililomchekesha dada yake kwa wiki kadhaa: akitoka shule alitupa begi mlangoni akakimbilia chooni kabla hata ya kusalimia. Walidhani anakunywa maji mengi. Kumbe alikuwa hanywi maji kabisa, na bado alikuwa amejizuia tangu asubuhi.

Wanaoshughulika na watoto wanaokwepa shule hutofautisha watu wawili ambao rejesta huwaweka pamoja. Mtoro huwaficha wazazi: anaaga asubuhi na sare yake, anaishia vibanda vya gemu au ufukweni, anarudi na wenzake saa ya kutoka. Mwenye hofu hafichi. Yuko nyumbani, mzazi anajua, mara nyingi anataka kuandika kazi za darasa na anauliza wenzake wamefika wapi. Mwili wake ndio unaokataa, na unakataa kwa ratiba ya shule. Mgonjwa wa kweli haponi kila Ijumaa jioni. Mwalimu wa darasa akiwa na daftari la mahudhurio mbele yake na akamuuliza mzazi maswali matatu, maumivu huanza saa ngapi, huisha lini, na wikiendi yanakuwaje, anaweza kupata picha kabla ya kumwita yeyote ofisini.

Sasa nije kwa wanaosema barua ile haikustahili zaidi ya ilichopata, kwa sababu baadhi ya hoja zao ni nzito. Nzito kuliko zote ni ya idadi. Darasa la tano B lina watoto 112 na mwalimu mmoja kwa kipindi. Mwalimu huyo ana zamu ya wiki, ana madaftari ya kusahihisha, ana taarifa za kujaza, na hana chumba cha kukaa na mtoto faragha. Akianza kuchunguza kila "anamwogopa mwenzake" atafundisha saa ngapi? Sina jibu la kumdharau mwalimu huyu. Lakini hoja yake inahusu uwezo wa kuchunguza yote, nami sizungumzii yote. Watoto hugombana kila siku bila mzazi kuandika barua. Barua ikifika, tena kutoka kwa mzazi ambaye angepoteza mengi kwa kuiandika, mchujo umeshafanyika nje ya shule. Barua za aina hii hazifiki mia kwa muhula.

Hoja ya pili ni ya ushahidi. Mtoto anaweza kudanganya ili akwepe mtihani, na mzazi anaweza kutumia barua kumwangamiza mtoto wa jirani waliyegombana naye. Ni kweli vyote hutokea. Ndiyo maana taarifa inapaswa kuanzisha uchunguzi, si adhabu. Wenzetu wa Kenya wameliweka hili kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 40: mwanafunzi asipohudhuria, mwalimu mkuu anapaswa kuchunguza mazingira ya kutohudhuria kwake, na akiona hakuna sababu ya msingi ndipo anamwandikia mzazi. Mpangilio wa hatua ndio ninaoupenda hapo. Kuuliza kunatangulia, onyo linafuata. Katika kisa chetu onyo lilitangulia, tena hadharani.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyopata vidole gumba vingi kwenye grupu, ni ile ya "hata sisi tulionewa na tumekua." Baba mmoja aliandika kwamba yeye alinyang'anywa mihogo yake darasa la tatu hadi la sita na leo ana gari mbili. Tuiangalie kwa utulivu. Kwanza, anayeisema ni yule aliyebaki. Wale walioacha shule darasa la nne hawamo kwenye grupu la wazazi kutoa ushuhuda wa upande wao. Pili, inachanganya ugomvi na uonevu. Mtafiti wa Norwei, Dan Olweus, ambaye kazi yake ndiyo iliyowafanya wengi waanze kulichukulia jambo hili kama somo la kuchunguzwa, aliweka alama tatu: nia ya kuumiza, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Watoto wawili wa kimo kimoja wakipigania kalamu, huo ni ugomvi, na mara nyingi huisha wenyewe. Watatu wakimsubiri mmoja mahali palepale, saa ileile, wiki sita mfululizo, hakuna cha kuzoea hapo, kwa sababu kila siku anayezoea ni yule anayechukua. Tatu, kinachoitwa kukomaa mara nyingi ni mtoto kujifunza kutokunywa maji. Ripoti ya UNESCO ya 2019 kuhusu ukatili shuleni ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alisema ameonewa na wenzake walau siku moja ndani ya mwezi uliotangulia. Ukubwa wa idadi hiyo huwafanya wengine waseme basi ni kawaida. Malaria nayo ni kawaida.

Kuna nchi moja iliyolifikiria kwa makini swali hili la mtoto aliyebaki nyumbani, nayo ni Japani. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 13 alijiua katika mji wa Otsu baada ya kuonewa na wenzake, na ikabainika kwamba shule na ofisi ya elimu ya mji hawakulishughulikia ipasavyo. Mwaka 2013 bunge likapitisha sheria ya kuzuia uonevu shuleni. Mambo mawili ndani yake yanatuhusu. Moja, uonevu unatambuliwa kwa kile anachopata aliyetendewa: mwenzake amemfanyia kitendo na yeye anaumia mwilini au moyoni. Shule haisubiri kwanza mkosaji akiri nia yake. La pili ni kubwa zaidi. Sheria hiyo ina daraja la tukio zito, ambalo shule haiwezi kulimaliza kimyakimya, na moja ya yanayolifanya tukio liwe zito ni mtoto kukosa shule kwa muda mrefu pakiwa na shaka kwamba chanzo ni uonevu. Mwongozo wa serikali umeweka kipimo cha takriban siku 30, na kama mtoto anakosa mfululizo, shule haitakiwi hata kuzingoja zifike.

Tazama tofauti. Kwetu siku 90 ni kipimo cha kosa la mtoto, na zikifika anaondolewa kwenye rejesta. Kule siku 30 ni kipimo cha uzito wa kilichomsibu, na zikifika shule ndiyo inayohojiwa. Kutohudhuria kulekule, hapa ni shtaka, pale ni ushahidi. Sidai sheria ya Japani imemaliza uonevu. Shule zake bado zina matatizo hayo na kila mara kunaibuka malalamiko ya shule kuficha. Wala hatuhitaji kuiga sheria nzima. Ninachosema ni kwamba rejesta inaweza kusomwa kwa namna ya pili, na hatuhitaji bajeti wala waraka mpya kuisoma hivyo.

Shule ilipolazimika kulishughulikia, baada ya binamu yangu kufuata barua yake kwa miguu, ilifanya kile ambacho shule nyingi hufanya. Watoto wote wawili waliitwa mbele ya mstari asubuhi. Waliulizwa mbele ya wanafunzi wote kuna nini kati yao. Mtoto wa binamu yangu, akiwa anaangalia viatu, alisema hakuna kitu. Wakaambiwa washikane mikono, yule mwingine akachapwa fimbo mbili kwa kusumbua wenzake, na mwalimu wa zamu akahesabu jambo limekwisha. Nadhani alifanya kwa nia njema. Lakini alimuuliza shahidi mbele ya aliyemtisha, na kila anayejua kazi ya ushahidi atakuambia jibu lilikuwa limeshaandikwa. Fimbo nazo, mbali na kwamba Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinamtaka mwalimu mkuu mwenyewe, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ndiye achape na adhabu iandikwe kwenye kitabu, zilikuwa na matokeo ambayo mtoto yeyote wa darasa la tano angeyatabiri. Siku hiyo darajani alisubiriwa. Hakupigwa. Aliambiwa tu, "Zile mbili zangu unazo wewe." Kesho yake hakwenda shule, na hapo ndipo siku zilizoandikwa utoro zilianza kuhesabika kweli.

Upande wa mzazi nao haukuwa safi, na nilimwambia. Mtoto alikaa nyumbani siku sita, akiangalia katuni mpaka mchana na kumsaidia mama kupanga nyanya mezani. Siku ya kwanza alitulia kama mtu aliyeshushwa mzigo. Siku ya nne alianza kuogopa hata kupita njia ya shule kwenda dukani. Ndivyo hofu inavyofanya kazi: kila siku unayoikwepa, unapata nafuu, na ile nafuu ndiyo inayoufundisha mwili kwamba kukwepa ndiyo dawa. Siku mbili tatu za kupumua, wakati watu wazima wanapanga, zina maana. "Kwa muda" isiyo na tarehe ni mtego. Barua nzuri ya mzazi ina tarehe ya kurudi, hata kama ina sharti, kwa sababu tarehe hiyo inaibana shule na inambana mzazi pia.

Tuliandika barua ya pili pamoja mezani kwake, nyanya zimesogezwa pembeni. Kichwa kilibadilika kwanza: YAH: TAARIFA YA MWANAFUNZI KUTISHWA NA KUZUIWA CHOONI, NA MAOMBI YA ULINZI. Ikaelekezwa kwa mwalimu mkuu kwa jina la cheo, ndani ya bahasha iliyofungwa, badala ya kumpa mtoto wa jirani aipeleke. Aya ya kwanza ilisema nini kilitokea, wapi, mara ngapi, na tarehe zile ambazo mtoto alizikumbuka kwa kuhusisha na vipindi, siku ya hisabati, siku ya usafi. Maneno ya tishio yaliandikwa kama yalivyosemwa. Mtoto aliyemtisha alitajwa kwa jina, kwa sababu shule haiwezi kumfuatilia "mwenzake", lakini hakuitwa mwizi wala jambazi, na hakuombewa kufukuzwa. Aya ya pili ilisema hali ya mtoto nyumbani na kwamba zahanati haikuona ugonjwa. Aya ya tatu ilisema atarudi Jumatatu, na kuomba mambo matano: mwalimu mmoja awe ndiye mtu wake wa kumwendea, akae mbele, mbali na wale watatu, mwalimu wa zamu asimame njia ya vyoo wakati wa mapumziko, aruhusiwe kwenda chooni wakati wa kipindi, na kwa wiki mbili atoke dakika kumi kabla ya kengele. Mwisho iliomba jibu la maandishi ndani ya siku tano na kwamba barua isisambazwe. Nakala alibaki nayo, na aligoma kuondoka mpaka karani alipoigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Hatukupeleka nakala kwa Afisa Elimu Kata wala kwa afisa ustawi wa jamii mara ile ya kwanza, ingawa wapo walioshauri. Nakala nyingi kwenye barua ya kwanza humfanya mwalimu mkuu ajitetee badala ya kutenda. Ngazi hizo zina mahali pake pale siku tano zinapopita kimya. Kama angekuwa ameumizwa mwili au ameguswa vibaya, nisingesubiri hata saa moja. Hapo ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure namba 116. Lakini hili lilikuwa la watoto wa miaka 11, na sheria ya jinai yenyewe inamchukulia mtoto aliye chini ya miaka 12 kama asiyewajibika mpaka ithibitishwe alijua anatenda kosa. Polisi hawakuwa mlango wake.

Ushauri uliotolewa kwa moyo mweupe kabisa, na nisioukubali, ulikuwa wa kumhamisha zamu. Shule ina zamu mbili, asubuhi na mchana, na mjumbe mmoja wa kamati ya shule aliona jambo litaisha mtoto wa binamu yangu akienda mchana. Lingeisha kwa shule. Kwa mtoto lingemaanisha kwamba aliyeonewa ndiye aliyepoteza rafiki zake, mwalimu wake na ratiba ya nyumbani, na darasa zima lingeliona hilo. Na njia ya vyoo ingepata mtu mwingine wa kumsubiri.

Jibu lilikuja siku ya nne, ukurasa nusu, mambo manne kati ya matano yamekubaliwa. La kutoka kabla ya kengele lilikataliwa kwa hoja kwamba watoto wote wangeomba, na badala yake mwalimu wa kike anayeishi ng'ambo ya mfereji alijitolea kuvuka naye. Mwalimu huyo ndiye aliyegundua kitu ambacho barua zote mbili hazikukijua. Alimkuta yule mtoto wa shilingi 200 akihesabu sarafu nyuma ya darasa na kuzikabidhi kwa kijana wa darasa la saba. Kila Ijumaa alikuwa anapeleka 2,000. Zikipungua, yeye ndiye anayefungiwa. Jambo hilo halimsafishi, lakini linaonyesha mipaka ya barua ya mzazi: inaweza kusema kile tu ambacho mtoto mmoja ameona kutoka ndani ya mlango uliofungwa. Mengine yanahitaji mtu mzima anayesimama njia ya vyoo saa 4 na nusu, na hakuna mzazi anayeweza kuwa huyo. Na zile fimbo mbili za mstarini, tulivyokuja kuelewa, zilimwangukia mtoto aliyekuwa akitoka kufungiwa choo hichohicho.

Mama zao bado wanacheza mchezo pamoja. Binamu yangu alimfuata mwenzake nyumbani jioni ile barua ya pili ilipopelekwa, akamwambia mwenyewe kabla hajasikia kutoka shule. Sikuwepo, na hakunisimulia yote.

Mtoto anakwenda shule. Anakunywa maji. Kinachobaki ni daftari la mahudhurio, ambamo zile siku sita zimeandikwa utoro kwa wino mwekundu. Binamu yangu ameomba ziandikwe vingine, mara mbili. Mwalimu wa darasa amemjibu kwa upole kwamba rejesta ni nyaraka ya serikali, haifutwi, na kwamba kwenye maelekezo ya kuijaza hakuna alama ya hofu.